Mawifi, Msumeno na Hoja ya Sita

Fundi seremala aliingia dukani saa tatu asubuhi, msumeno begani na penseli sikioni, akauliza, "Nikate wapi?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wenye duka walikuwa hawasemezani. Mmoja alikuwa nyuma ya kaunta, anapangusa sufuria iliyokwisha kung'aa tangu jana. Mwingine alikuwa amekalia furushi la mabeseni karibu na mlango, kampa mwenzake mgongo. Katikati yao ilikuwa meza yangu, na nyuma ya meza nilikuwa mimi, kompyuta yangu na mashine yangu ya kuchapia, sote watatu tukijifanya hatupo.

"Dada," fundi akaniambia mimi, "hawa ndio walioniita?"

"Ndio hao."

"Wote wawili?"

"Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana wiki hii."

Duka ni la vyombo vya nyumbani: ndoo, sufuria, chupa za chai, mabeseni ya rangi zote ambazo macho hayajazoea. Yule wa sufuria tunamwita Kaunta, maana miaka sita hajaonekana upande wa pili wa kaunta, na wapo wateja wanaoamini hana miguu. Yule wa mabeseni tunamwita Mizigo. Yeye ndiye anayesafiri kwenda kununua kwa jumla, analala juu ya marobota, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Kaunta kaolewa na kaka yake Mizigo. Kwa hiyo hawa ni mawifi kwanza, washirika baadaye, na ugomvi wao una mizizi pande zote mbili.

Mpango wao ulikuwa kugawa duka. Ubao utoke ukutani mpaka mlangoni, kila mtu na upande wake, na kaunta ikatwe vipande viwili. Fundi akatoa kamba yake ya kupimia, akavuta, akapiga mstari wa penseli sakafuni. Akasimama, akakuna kichwa.

"Mlango ni mmoja," akasema.

"Mwambie wifi yangu atoboe wa kwake," akasema Kaunta, akiniangalia mimi.

"Mwambie wifi yangu," akasema Mizigo, naye akiniangalia mimi, "mimi nilikuwa naingia mlango huu kabla kaka yangu hajapotea njia akamuoa."

"Mmesikiana?" nikawauliza. "Au nirudie kwa herufi kubwa?"

Mimi nilikuwa natania mdomoni tu. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari wa penseli, maana ulikuwa umekuja moja kwa moja, ukapanda mguu wa meza yangu, ukapita kati ya kompyuta na mashine ya kuchapia kama vile naishi na mume tuliyeachana. Pale ndipo ubao ungesimama. Meza yangu ingekuwa haina upande, na asiye na upande hufungashiwa virago.

Na mimi virago nimefunga vya kutosha. Kibanda changu cha kwanza kilibomolewa, nikapewa notisi baada ya kibanda kulala chini. Biashara ya pili nilishirikiana na rafiki wa damu, siku moja nikakuta kufuli peke yake, mashine na rafiki wameondoka pamoja. Ya tatu paa lilivuja juu ya kompyuta, ikawa inaandika yenyewe. Hapa kwa mawifi nina mwaka wa nne. Nawalipa kodi ya meza, nachomeka waya wangu kwenye soketi yao, nachapa barua za kazi, nakala za vyeti na kadi za harusi. Wananiita Katibu. Sikuwa tayari kuondolewa na penseli.

"Fundi," nikasema, "kabla hujakata, hebu subiri. Jamani, si mlizungumza Jumatatu kwenye simu? Nilisikia upande mmoja. Mlizungumza mpaka simu ikawa moto."

"Tulizungumza na tukamaliza!" akasema Kaunta. "Yeye ndiye karudi kavaa sura nyingine."

"Tulimaliza nini?" Mizigo akageuka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwambie asininukuu vibaya. Nimeshuka na mizigo, hata maji sijanywa, ananiuliza 'sitini yangu iko wapi'. Sitini ipi?"

"Uliyosema mwenyewe! Na ninayo! Nimerekodi!"

"Na mimi nilikwambia rekodi! Rekodi mpaka uchoke!"

Ni kweli. Kaunta hurekodi simu za dukani tangu mteja mmoja alipoagiza mabeseni arobaini ya bluu akaja kukana hata rangi. Kila simu ikianza huwa anasema, "Narekodi," na anayekataa anaambiwa aje kwa miguu.

"Basi leteni hiyo rekodi," nikasema. "Nitaisikiliza, nitaandika hoja kwa hoja. Mlichokubaliana, nani atafanya nini, faida inagawanywa vipi. Kila mmoja atasoma peke yake aseme ndiyo, hapana, au rekebisha. Hoja ambazo wote mtasema ndiyo, mtatia saini. Msipokubaliana, fundi atakata. Kwani kuna haraka? Msumeno hauozi."

Wakatazamana bila kutaka.

"Bei gani?" akauliza Kaunta.

Nikakohoa kidogo, nikasema bei.

Mizigo akamtazama Kaunta, Kaunta akamtazama Mizigo, na kwenye pembe za midomo yao pakapita kitu kama kicheko kinachotafuta pa kujificha. Kikazimika. Sikukielewa wakati ule. "Haya," wakasema, nusu huyu nusu yule. Fundi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema yeye analipwa kwa siku, iwe ya kukata au ya kukaa.

Kaunta akanitumia rekodi. Dakika arobaini na saba. Nikavaa kifaa cha sikio, cha upande mmoja tu, wa pili ulikufa na ile kompyuta iliyovujiwa. Nikachora karatasi safu nne: dakika, nani kasema, kasema nini, na ya mwisho, ni ya namna gani. Hii ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Mtu akisema "tufanye hivi" hilo ni pendekezo. Mwenzake akisema "sawa, tufanye hivyo" hapo ndipo pana makubaliano. Mwenzake akisema "unasikia harufu ya kuungua?" hapo hapana kitu, hata kama wa kwanza anaapa alikubaliwa.

Dakika ya kwanza mpaka ya nne walikuwa wanaulizana hali: mume hajambo, mama hajambo, goti la mama halijambo. Dakika ya tano vita vikaanza. Mizigo anataka asilimia sitini, kwa sababu yeye ndiye anayebeba na kulala njiani. Kaunta anataka asilimia sitini, kwa sababu yeye ndiye anayekaa saa kumi na mbili akisikiliza watu wanaogonga sufuria kwa vidole bila kununua. Sitini na sitini. Nikaandika, nikajumlisha pembeni, nikacheka peke yangu. Hata rafiki yangu wa damu aliyeondoka na mashine hakuwahi kudai zaidi ya mia.

Dakika ya tisa nikaipata sitini ya Kaunta. Mizigo anasema, sauti imepanda: "Chukua basi hiyo sitini! Chukua na sabini! Uone kama nitarudi na hata kijiko!"

Nikairudisha, nikaisikiliza mara tatu. Yale si makubaliano. Ukiyaandika karatasini bila sauti yake, yanakuwa makubaliano kabisa, na ndipo ilipo hatari ya kazi hii. Kwenye safu ya nne nikaandika: hasira.

Dakika ya kumi na tatu wakasogea kwenye majukumu. Hapo walipatana bila hata kujua wanapatana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu anavyoonewa. Kaunta: "Mimi nafungua, nauza, nafunga, naandika daftari." Mizigo: "Kwani nani kakataa? Fungua, uza, funga, andika. Mimi nanunua, nalipa gari, naleta risiti." Kaunta: "Lete kweli, basi." Nikaandika: makubaliano.

Dakika ya ishirini na mbili sauti zikashuka. Wakaanza kucheka. Na Mizigo akasema, "Wifi, na huyu Katibu wetu je?"

Nikabonyeza, rekodi ikasimama.

Nawaambia ukweli, mtu aliyepigwa na maisha kama mimi ana pua ya kunusa. Mawifi wawili wakishusha sauti na kumtaja mtu wa tatu, huyo wa tatu hana analotafuta pale. Nikajiambia: kuanzia hapa ni umbea, na umbea hauingii kwenye muhtasari. Hoja nzuri kabisa. Niliipenda kwa sababu ilinisaidia.

Nikachapa ukurasa, nikatoa nakala mbili, nikampa kila mmoja.

Kaunta akasoma kwa kidole. "Hoja ya kwanza, majukumu. Ndiyo. Hoja ya pili… 'Mgawanyo wa faida: haukuafikiwa.' Katibu! Haukuafikiwa vipi? Alisema nichukue sitini!"

"Alisema uchukue na sabini," nikasema. "Mbona hiyo huidai?"

"Kwa hiyo sitini hakuna?"

"Hakuna. Yake hakuna, yako hakuna. Nimeandika mapendekezo mawili, na kila moja mwenzake kalikataa."

Mizigo akacheka, cheko la kuchokoza. "Mwambie wifi, kama anataka sitini asubiri umri."

Kaunta akatupa kitambaa juu ya sufuria. "Fundi!"

Fundi akasimama. Akaweka ukingo wa msumeno juu ya kaunta, pale kwenye alama yake, akavuta mara moja tu, kwa majaribio. Ile sauti ilipita kwenye meno yangu. Unga wa mbao ukadondoka sakafuni, robo kijiko hivi. Na wale wanawake wawili, nawaapia, wote wakafumba macho.

Nikaona. Hawataki. Hakuna hata mmoja anayetaka duka likatwe, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

"Ngoja," akasema Mizigo taratibu. Alikuwa ananiangalia. "Lakini mbona siku ile nilikata simu nikiwa na furaha? Nakumbuka nililala nacheka. Mtu halali anacheka baada ya matusi ya sitini."

"Hata mimi," akasema Kaunta. "Nilimwambia mume wangu, mimi na dada yako tumeyamaliza. Akaniuliza mmeyamaliza vipi, nikashindwa kumwambia. Nakumbuka kucheka tu."

"Katibu," Mizigo akauliza, "umesikiliza mpaka mwisho?"

Fundi alikuwa kashika msumeno. Mashine yangu ya kuchapia ilikuwa inanguruma taratibu kama inayonisuta.

"Kuna sehemu haikusikika vizuri," nikasema. "Nairudia."

Nikakaa, nikarudi dakika ya ishirini na mbili, nikakaza moyo.

"Wifi, na huyu Katibu wetu je? Umeona anavyokohoa kabla ya kutaja bei?"

"Nimeona! Kikohozi kidogo, mia mbili. Kikohozi kirefu, mia tano!"

"Siku mteja akija na begi la ngozi, Katibu anapata kifua kikuu!"

Wakacheka mpaka rekodi ikapasuka sauti. Nikahisi masikio yanapata moto, hata lile lisilo na kifaa. Mwaka wa nne! Nawachekea, nawachapia kadi za harusi kwa nusu bei, kumbe kikohozi changu kina mashabiki. Wakaendelea na viatu vyangu, wakaendelea na simu zangu za kila saa sita kwa dada yangu, wakapita kwa mama mkwe na goti lake. Kalamu yangu ilikuwa hewani, haina cha kuandika.

Na ndani ya cheko hilohilo, dakika ya ishirini na tisa, Kaunta akasema, kama mtu anayeokota kitu sakafuni, "Lakini wifi, bili ya umeme inatumaliza. Robo tatu ni mashine ya Katibu. Ninakubalije nusu ya faida iliyokwisha kuliwa?"

"Basi Katibu alipie umeme wake. Akilipia, unakubali nusu kwa nusu?"

"Akilipia, nakubali. Lakini kwanza tutoe gharama zote. Na mimi nipewe posho ya kukaa dukani, na wewe posho ya kila safari. Kinachobaki ndiyo nusu kwa nusu. Si hivyo ndivyo haki?"

"Ndiyo haki. Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, ukanipandisha presha?"

"Ulianza na sitini!"

"Wewe ndiye uliyeanza!"

Wakacheka tena, wakarudi kwenye viatu vyangu.

Nikaanza kuandika mbio. Dakika ya thelathini na tatu, kati ya goti la mama mkwe na harusi ya binamu, wakakubaliana kwamba kabla ya kugawana, fungu moja kati ya matano libaki dukani la kuongezea bidhaa. Dakika ya thelathini na nane, risiti. Dakika ya arobaini na moja, hakuna ndugu kubeba chombo bila wote wawili kujua, isipokuwa mama, maana mama alishabeba birika na hakuna aliyethubutu kulidai. Watu hawa hawajui kupatana wakiwa wamekunja uso. Waliketi kwenye mkutano dakika kumi na saba wakatoka na hoja moja tu, wakasengenya dakika ishirini na tano wakajenga kampuni.

Nikachapa. Hoja ya kwanza, majukumu. Ya pili, gharama zinazotolewa kwanza: bei ya kununulia bidhaa zilizouzwa, usafiri, kodi ya duka, umeme, leseni. Ya tatu, posho za wote wawili. Ya nne, fungu moja kati ya matano kubaki dukani, kinachobaki nusu kwa nusu. Ya tano, risiti na ndugu. Kila moja nikaiwekea dakika yake pembeni, ili mtu akibisha abishane na sauti yake mwenyewe.

Nikafika hoja ya sita, nikasimama.

Hoja tano zinapendeza. Ukurasa umejaa vizuri, duka limepona, meza yangu imepona. Nani atauliza? Wao wenyewe hawakumbuki kitu zaidi ya kucheka. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kutoa nakala. Kidole kikanisubiri.

Tatizo lilikuwa hoja ya nne. Kaunta hakusema "nakubali nusu kwa nusu." Alisema "akilipia, nakubali." Ndiyo yake ilikuwa na sharti, na sharti lenyewe lilikuwa limekaa kwenye kiti changu, limevaa viatu vyangu. Nikilifuta, nitakuwa nimeandika ndiyo ambayo Kaunta hajaisema. Mwezi ujao bili ya umeme itakuja, atakumbuka alikuwa na kinyongo fulani, hatakumbuka ni kipi, na fundi atapigiwa simu. Mimi nimewahi kutia saini karatasi ya ushirika iliyopunguzwa maneno machache kwa nia njema. Nilibaki na kufuli.

Nikachapa: "Hoja ya sita. Mwenye meza ya kuchapa alipie umeme anaotumia. Dakika ya ishirini na tisa. Hili ni sharti la Kaunta la kukubali hoja ya nne. Angalizo: mwenye meza hakuwepo kwenye simu. Makubaliano ya watu wawili hayamfungi wa tatu, kwa hiyo hoja hii na ya nne zinabaki wazi mpaka yeye aulizwe na akubali." Chini yake nikaongeza: "Kiasi cha posho hakikutajwa popote. Kiko wazi."

Nikatoa nakala mbili, nikawapa, nikageukia ukuta.

Nikasikia Kaunta anasoma kwa kunong'ona: kwanza… pili… tatu… Kisha nikasikia kidole chake kimekwama.

"Wifi," akasema. Safari hii hakunituma mimi. "Wifi, umefika ya sita?"

"Nimefika."

"Kwa hiyo… kasikiliza."

"Kasikiliza yote."

"Hata ile ya…"

"Hata ile ya kifua kikuu," nikasema, bado naangalia ukuta. "Na ya viatu. Viatu vina historia yake, nitawaeleza siku nyingine kwa malipo."

Nilipogeuka, Mizigo alikuwa kaficha uso ndani ya beseni la manjano, mabega yanatikisika. Kaunta alikuwa kashika mdomo kwa mikono miwili, macho yamejaa maji ya aibu na ya kicheko, hujui yapi yatashuka kwanza.

"Katibu, mdogo wangu, tusamehe," akasema. "Ilikuwa simu ya watu wawili."

"Na mliniletea mimi niandike! Kwa mkono wako mwenyewe ulinitumia! Mwizi gani anampelekea mwenye mali orodha?"

Fundi akapiga paja, akacheka mpaka ndoo ikateleza chini yake. Akajikuta sakafuni, katika unga wake wa mbao.

"Tucheke baadaye," nikasema. "Kazi haijaisha. Hoja ya kwanza. Kaunta?"

"Ndiyo."

"Mizigo?"

"Ndiyo."

Ya pili, ndiyo mbili. Ya tatu, ndiyo mbili, nafasi ya kiasi ikiwa tupu. Ya nne nikairuka, maana ilikuwa inasubiri ya sita. Ya tano, Mizigo akasema, "Rekebisha."

"Rekebisha nini?"

"Umeandika risiti ndani ya siku mbili. Mimi nilisema siku mbili baada ya kushusha mzigo, siyo baada ya kununua. Gari likikwama njiani nitaleta risiti kwa mbawa?"

Kaunta akatoa macho. "Ulisema siku mbili!"

"Dakika ya thelathini na nane," nikasema, nikaweka sauti nje ili wote wasikie. Sauti ya Mizigo ikatoka, imechoka na safari: "…siku mbili baada ya kushusha, wifi, nioge kwanza." Kaunta akainua mikono. Nikafuta, nikaandika sawasawa. Ndiyo mbili.

"Sasa ya sita," akasema Mizigo. Akainuka kutoka kwenye furushi lake, akaja mbele ya meza yangu, na Kaunta, mwanamke asiye na miguu, akazunguka kaunta akaja kusimama kando yake. Fundi akaniangalia kwa mshangao kama nimemfufua mtu. Wakasimama pale bega kwa bega, upande mmoja wa mstari wa penseli, mimi upande mwingine.

"Tunakuuliza rasmi," akasema Kaunta. "Utalipia umeme wako?"

"Nitalipia ninaotumia, siyo robo tatu ya hewani. Wekeni mita ndogo kwenye soketi yangu. Inavyosoma ndivyo nilipavyo, kila mwisho wa mwezi, kwa risiti."

"Mita nani atanunua?"

"Dada Mizigo, ukisafiri. Iingie kwenye gharama za duka, hoja ya pili. Na mimi naomba kitu kimoja kiandikwe: meza yangu haihamishwi bila notisi ya miezi mitatu. Kwa maandishi. Notisi ya kabla, siyo ya baada."

Wakatazamana. Mizigo akanyoosha kidole kidogo, Kaunta akakikunjia chake, kama wasichana wa shule.

"Ndiyo," akasema Kaunta.

"Ndiyo," akasema Mizigo.

"Ndiyo," nikasema mimi, nikaandika hoja ya saba. Kisha nikawasomea ya nne, sasa haina sharti linaloning'inia. Ndiyo mbili, bila hata mmoja kumsubiri mwenzake. Posho wakabishana kwa robo saa, wakatajiana na wajomba waliokwisha kufa, lakini wakataja tarakimu na nikazijaza. Nikatoa nakala tatu. Wakatia saini zote. Mimi nikatia yangu mbele ya hoja ya sita na ya saba peke yake, maana nyingine hazinihusu.

Fundi alikuwa amesimama na msumeno wake kama mgeni aliyefika harusi imevunjika, au tuseme talaka imevunjika.

"Yaani mmepatana? Na siku yangu je?"

"Ziba ile alama uliyokwangua kwenye kaunta yangu," akasema Kaunta.

"Kaunta yetu," akasema Mizigo.

"Kaunta yetu. Halafu ule ubao ukate kipande, ukigongomee ukutani pale juu ya soketi ya Katibu. Mita ikija ipate pa kukaa."

Fundi akakata, hatimaye. Alikata kwa furaha kubwa kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Mie nilikuwa nafuta mstari wa penseli kwenye mguu wa meza yangu kwa raba Mizigo alipokuja na pochi yake mkononi.

"Katibu, tulisema bei gani ile asubuhi? Na sasa umefanya kazi mara mbili, na nakala tatu."

Nikafikiria kurasa, wino, dakika arobaini na saba, na masikio yangu. Bei mpya ikanijia, nzuri, ya haki kabisa. Na kooni nikahisi kitu kinapanda.

Mawifi wote wawili wakainama mbele, macho yamewatoka kunitazama koo. Fundi akaacha kupiga nyundo.

Nikachukua chupa ya maji, nikanywa yote, taratibu, mpaka chini.

"Ileile ya asubuhi," nikasema.